Admini wa grupu la WhatsApp ana mamlaka gani, na yanaishia wapi?

Karibu kila kijiji katika nyanda za kati, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Bahi na Manyoni, sasa kina magrupu yake ya WhatsApp. Kuna la wakulima, la VICOBA, la wazazi wa shule, la kwaya, la kitongoji. Mengine yalianza na watu ishirini wanaofahamiana, leo yana watu mia sita ambao nusu yao hawajawahi kuonana. Na wasikilizaji wanatuuliza maswali ambayo hapo zamani hayakuwepo. Je, admini anaruhusiwa kumtoa mtu bila kumuuliza? Kwa nini sasa tunaambiwa tuombe kwanza ndipo tuingizwe? Kwa nini grupu limefungwa, wakubwa wanaandika na sisi tunasoma tu? Na mtu akiweka jambo baya humo ndani, anakamatwa aliyeliweka au anakamatwa admini?

Katika makala haya tunaeleza mamlaka hayo moja baada ya jingine kwa kufuata mfano mmoja, wa grupu la wakulima lililoingiliwa na tapeli. Tumechagua mfano huo kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wengi hawalioni mapema: vitufe vinavyotumika kumzuia tapeli ndivyo hivyohivyo vinavyoweza kumnyamazisha mwanachama anayeuliza fedha zimekwenda wapi.

Jinsi magrupu yalivyokua

Kwa miaka kadhaa grupu la WhatsApp lilikuwa na kikomo cha watu 256. Mwaka 2022 kikomo hicho kilipandishwa mara mbili, kwanza hadi watu 512, kisha mwezi Novemba hadi watu 1,024. Idadi hiyo inazidi watu wanaohudhuria mikutano mikuu ya vijiji vingi.

Madaraka ya admini nayo yaliongezeka polepole. Mwanzoni aliweza kuingiza watu na kuwatoa tu. Mwaka 2018 alipewa uwezo wa kuamua kwamba admini pekee ndio watume ujumbe. Mwaka 2022 alipewa uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwenye simu za wote. Mwaka 2023 ukaja utaratibu wa maombi, yaani mtu mwenye linki haingii moja kwa moja bali anasubiri admini amkubalie.

Kwa hiyo admini wa leo ana funguo za mlango, ana kipaza sauti, na ana ufagio. Hapo awali alikuwa na mlango peke yake.

Mfano wetu: grupu la watu 612

Tuchukue grupu la kufikirika la wakulima wa wilaya ya Kongwa wanaopeleka mahindi na alizeti kwenye soko la Kibaigwa. Lina watu 612 na admini watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti ndiye aliyelianzisha kwa laini yake mwenyewe. Linki ya kujiunga ilibandikwa miaka miwili iliyopita kwenye magrupu mengine, na bado inafanya kazi. Yeyote anayeibonyeza anaingia.

Ni mwezi wa sita, alizeti zimevunwa, watu wanasubiri bei. Siku moja saa mbili usiku unaingia ujumbe. Picha ni ya mwenyekiti, jina ni la mwenyekiti. Unasema mnunuzi mkubwa amepatikana, anachukua magunia yote kwa bei nzuri, ila kila mkulima atangulize shilingi 10,000 za magunia na usafiri kabla ya saa nne usiku. Chini kuna namba ya kutuma pesa.

Ujumbe huu ni ndugu wa ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ambao Watanzania wameuzoea kwenye meseji za kawaida. Ila ndani ya grupu una nguvu zaidi, kwa sababu mtu anaona majirani zake wapo humohumo, na anadhani kama ni uongo basi mtu angeshasema.

Mwanachama wa kawaida angeutambuaje? Jina na picha kwenye WhatsApp kila mtu anajiwekea mwenyewe, kwa hiyo havithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni viwili. Cha kwanza ni namba. Kama umehifadhi namba ya mwenyekiti kwenye simu yako, ujumbe wake hutokea kwa jina ulilomhifadhi. Huu umetokea ukiwa na alama ya ~ mbele ya jina, maana yake ni namba ambayo simu yako haiijui. Cha pili ni alama ya uadmini. Ukifungua taarifa za grupu na kushuka kwenye orodha ya wanachama, admini wote wameandikwa "Group admin" pembeni ya majina yao. Huyu "mwenyekiti" hana alama hiyo, na ukitazama vizuri utamkuta mwenyekiti halisi kwenye orodha hiyohiyo, na alama yake.

Dakika kumi za kwanza

Katibu anauona ujumbe saa mbili na dakika tano. Mpangilio wa hatua ni muhimu hapa, kwa sababu hatua moja ikitangulia vibaya inaharibu nyingine.

Jambo la kwanza ni kupiga picha ya kioo cha simu, ujumbe ukionekana pamoja na namba ya aliyeutuma na namba ya kupokelea pesa. Mara nyingi namba hizi mbili hazifanani. Ukifuta kabla ya kupiga picha umepoteza ushahidi wako mwenyewe.

Pili ni kuufuta. Admini anaubonyeza ujumbe kwa muda, anachagua kufuta, kisha "Delete for everyone". Pale ulipokuwa pataandikwa kwamba umefutwa na admini. Uwezo huu una mwisho wake: unafanya kazi kwa takriban siku mbili tu tangu ujumbe ulipotumwa. Pia haurudishi kilichokwisha kusomwa. Aliyekuwa amefungua data saa mbili kamili ameshauona, na huenda ameshaunakili. Lakini kwa mkulima ambaye bando lake limekwisha na atafungua kesho asubuhi, kufuta mapema kunasaidia sana, maana kwa kawaida atakuta alama ya kufutwa tu.

Tatu ni kumtoa tapeli. Admini anafungua orodha ya wanachama, anagusa namba ile na kuchagua "Remove". Kuanzia hapo hawezi kuandika wala kusoma yanayofuata, na kwa namba ileile hataweza kurudi kwa kutumia linki. Lakini anaweza kurudi kwa namba nyingine. Tena kila kilichotumwa akiwa ndani kinabaki kwenye simu yake, na namba za wanachama ameshaziona. Anaweza kuanza kumpigia mmoja mmoja usiku huohuo.

Nne ni kufunga uandishi kwa muda. Katika taarifa za grupu kuna sehemu iitwayo "Group permissions". Humo kuna kitufe cha "Send new messages". Kikizimwa, admini pekee ndio wanaoweza kuandika. Faida yake kwa usiku ule ni mbili. Kama tapeli ana namba ya pili iliyokaa kimya humo ndani, haitaweza kuendeleza uongo. Na tahadhari ya katibu haitazikwa chini ya meseji themanini za "asante kiongozi" na "jamani mimi nimeshatuma".

Tano ni tahadhari yenyewe. Katibu anaandika kwa maneno machache na kurudia kwa sauti, kwa sababu wapo wanachama wasiosoma vizuri: "Ujumbe wa saa mbili kuhusu shilingi 10,000 ni wa utapeli. Mwenyekiti hajabadilisha namba. Kama umetuma pesa, piga simu sasa hivi kwa huduma kwa wateja wa mtandao wako, kisha nipigie mimi. Tumefunga grupu hadi kesho saa tatu asubuhi."

Sentensi ile ya mwisho wengi huiacha. Tutairudia.

Sita ni kutoa taarifa nje ya grupu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina namba 15040 ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Unaupeleka ule ujumbe kwenye namba hiyo, kisha namba ya tapeli. Aliyepoteza pesa aende pia polisi na ile picha ya kioo. Admini hawezi kurudisha pesa ya mtu wala kufunga laini ya tapeli. Kazi hizo ziko kwa kampuni ya simu na vyombo vya dola.

Na kwa sababu tapeli ana namba za watu, tahadhari ya WhatsApp peke yake haitoshi. Mwenye kitochi hakupata ujumbe wa grupu lakini anaweza kupigiwa. Viongozi wa vitongoji wapigiwe simu, nao waambie watu wao.

Kurekebisha mlango

Asubuhi yake admini watatu wanakutana na swali halisi: aliingiaje? Jibu ni ile linki ya zamani. Linki ya grupu haichakai. Iliyobandikwa miaka miwili iliyopita inafungua mlango leo, hadi admini aibatilishe kwa kuchagua "Reset link". Hapo ile ya zamani inakufa na mpya inazaliwa.

Kisha wanawasha "Approve new members" kwenye "Group permissions" ileile. Kuanzia sasa anayebonyeza linki anawekwa kwenye foleni, na admini anamkubalia au anamkataa.

Tatizo ni kwamba foleni haimkagui mtu. WhatsApp inamwonyesha admini namba, jina alilojiwekea mwombaji, na magrupu ambayo wote wawili wamo. Ikiwa admini anakubali kila ombi kwa sababu yamefika arobaini na amechoka, utaratibu huu umebaki jina tu.

Kinachofanya foleni iwe na maana ni mtu anayemjua mwombaji. Katika mfano wetu walikubaliana hivi: mwombaji amtumie katibu jina lake kamili, kijiji na kitongoji chake, pamoja na jina la mwanachama mmoja anayemfahamu. Katibu anampigia huyo mwanachama. Haizidi dakika mbili kwa ombi moja, na maombi yanashughulikiwa mara mbili kwa wiki, si kila saa. Asiyejulikana na mtu yeyote anaachwa kwenye foleni mpaka ajulikane.

Wapo wanaotumia njia ya kuanza kutuma pesa kwenye namba ili waone jina lililosajiliwa, kisha wanaghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Njia hii inaonyesha laini imesajiliwa kwa jina la nani. Haionyeshi nani ameishika simu hiyo sasa.

Pia walizima kitufe cha "Add other members", ili mwanachama asiingize watu moja kwa moja bila admini kujua. Kisha wakapitia orodha yote ya watu 612, kila admini akichukua vijiji vyake. Namba ambazo hakuna aliyezitambua ziliandikwa na kutajwa kwenye grupu kwa siku tatu kabla ya kutolewa, maana wengine walikuwa wanachama halali waliobadilisha laini.

Pale hatari inapotoka ndani

Mfano wetu ungekuwa mgumu zaidi kama tapeli asingeiga picha ya mwenyekiti bali angeiteka WhatsApp yake. Hili hutokea mtu anapodanganywa kutaja tarakimu sita za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yake. Hapo namba ni ya kweli, jina ni la kweli, na alama ya "Group admin" ipo.

Admini mwingine anaweza kumvua mwenzake uadmini kwa "Dismiss as admin" na kumtoa. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hawezi kuvuliwa wala kutolewa na wenzake: aliyeanzisha grupu. Anabaki admini hadi atoke mwenyewe. Kwa hiyo kama iliyotekwa ni laini ya mwanzilishi, wenzake hawana la kufanya ndani ya grupu hilo. Mwenyewe inabidi aisajili upya WhatsApp kwenye simu yake kwa tarakimu za uthibitisho atakazotumiwa, na hapo aliyeiteka anaondolewa. Wakati huo wanachama watoe tahadhari kwa simu za kawaida.

Linafaa kufikiriwa siku ya kuanzisha grupu. Grupu la chama likianzishwa kwa laini ya mtu ambaye mwakani hatakuwa kiongozi, chama kimempa funguo asizoweza kunyang'anywa. Vikundi vingine hununua laini ya kikundi, ikasajiliwa kwa utaratibu wa sheria na kukabidhiwa pamoja na daftari na muhuri uongozi unapobadilika. Vyovyote vile, kuwe na admini zaidi ya mmoja. Admini akiwa peke yake na akatoka, WhatsApp yenyewe huchagua mwanachama mwingine bila mpangilio na kumpa uadmini, na katika grupu la watu 612 huyo anaweza kuwa mtu yeyote.

Kitufe kilekile, shabaha nyingine

Turudi Kongwa. Grupu lilifungwa saa mbili usiku kwa sababu nzuri. Wiki mbili zimepita na bado limefungwa. Viongozi wameona raha yake: hakuna kelele, hakuna maswali, matangazo yanasomeka. Halafu mwanachama mmoja anamwandikia katibu pembeni, akiuliza ile michango ya magunia ya msimu uliopita ilitumikaje. Hajibiwi. Anaandika kwenye grupu jingine kwamba viongozi wanaficha. Kesho yake anakuta ametolewa.

Kwa WhatsApp hakuna kosa lililotendeka. Programu haimuulizi admini sababu ya kumtoa mtu, haimtaki asikilize upande wa pili, wala haina ngazi ya rufaa. Mtu aliyetolewa kwa utapeli na aliyetolewa kwa kuuliza wanaona maandishi yaleyale kwenye simu zao.

Lakini kutolewa kwenye grupu hakumtoi mtu kwenye chama. Tuligawe hili kwa aina ya kikundi.

Kama ni VICOBA, hisa zake na akiba yake ziko kwenye daftari la kikundi, siyo kwenye simu ya admini. Vikundi hivi vinasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vina katiba, na katiba ndiyo inayosema mwanachama anasimamishwa au kufukuzwa vipi. Aliyetolewa ana haki ya kuhudhuria kikao na kudai hesabu kama kawaida. Akizuiwa, aende kwa afisa maendeleo ya jamii.

Kama ni AMCOS, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama ndivyo vinavyoamua uanachama. Mlango wa malalamiko ni bodi, mkutano mkuu, na afisa ushirika wa wilaya.

Kama ni grupu la kijiji, jambo liko wazi zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982 imeuweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mapato na matumizi yanasomwa kwenye mkutano huo. Grupu la WhatsApp haliwezi kuchukua nafasi yake, kwanza kwa sababu wengi hawana simu janja, na pili kwa sababu mkutanoni mwenyekiti hana kitufe cha kumwondoa mkazi anayeuliza. Tangazo la mkutano likiwekwa WhatsApp peke yake, wenye vitochi hawajaalikwa. Mbao za matangazo na mbiu bado zina kazi.

Ndiyo maana tulisema tutarudia ile sentensi ya katibu: "Tumefunga grupu hadi kesho saa tatu asubuhi." Kufunga kwenye sababu na saa ya kufungua ni ulinzi. Kufunga bila saa ya kufungua huwafanya wanachama wahamie kwenye grupu la pili lisilo na viongozi, na huko tuhuma zinakua bila mtu wa kuzijibu kwa daftari.

Grupu likiwa kubwa kweli, kuna sababu halali ya kutaka utulivu. Mkulima mwenye bando dogo hawezi kupitia meseji 300 za salamu na picha za maua ili aipate bei ya alizeti. Suluhisho linalofanya kazi ni kuwa na magrupu mawili. Moja ni la matangazo, limefungwa muda wote, na kila mwanachama yumo. Jingine ni la mjadala, liko wazi, na anaingia anayetaka. Swali likiulizwa kwenye mjadala, jibu linabandikwa kwenye matangazo. Hapo kufunga hakumnyimi mtu mahali pa kuuliza.

Je, admini anawajibika kwa alichoandika mwingine?

Hili ndilo linalowatisha wengi kiasi cha kukataa uadmini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015. Kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Baada ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huohuo, watu walishtakiwa kwa kifungu hiki kwa taarifa zilizosambazwa kwenye grupu la WhatsApp. Kwa hiyo grupu halihesabiwi kuwa chumbani kwako.

Kifungu chenyewe kinamlenga anayechapisha. Hakimtaji admini. Lakini admini anayeuchukua uongo na kuusambaza naye, au kuupigia debe, ameshakuwa mchapishaji kama mwingine yeyote.

Wenzetu wamelijibu swali hili kwa njia tofauti. Kenya, kabla ya uchaguzi wa mwaka 2017, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na Mamlaka ya Mawasiliano zilitoa mwongozo uliomtaka admini asimamie mijadala ya kisiasa kwenye jukwaa lake. India, mahakama kuu ya Bombay mwaka 2021 na ya Kerala mwaka 2022 zilisema admini hawajibiki kwa ujumbe wa mwanachama kwa sababu tu ya kuwa admini, iwapo hakushiriki. Moja ya hoja ilikuwa kwamba admini hana uwezo wa kuchuja ujumbe kabla haujawekwa. Anaweza kuingiza na kutoa watu tu.

Maamuzi hayo hayazifungi mahakama za Tanzania. Na tazama tarehe: yote mawili yalitolewa kabla admini hajapewa uwezo wa kufuta ujumbe wa wengine, uliokuja baadaye mwaka 2022. Bado hawezi kuzuia ujumbe usiingie katika grupu lililo wazi, lakini sasa anaweza kuufuta. Kwa maoni yetu, admini anayeuona uchochezi au picha ya kumdhalilisha mtu na kuuacha siku nzima ana maelezo magumu zaidi ya kutoa kuliko admini wa mwaka 2021. Anayeufuta mapema, akabaki na picha ya kioo na kumwonya aliyeuweka, ana la kuonyesha akiulizwa.

Kanuni zinazotosha

Vikundi vingi vinaandika kanuni ishirini ambazo hakuna anayezisoma. Kwa grupu kama la mfano wetu, nne zinatosha, zikibandikwa kwenye maelezo ya grupu ambapo kila anayeingia anaziona.

Ya kwanza, hakuna namba ya malipo itakayotolewa kwenye grupu bila admini wawili kuithibitisha kwa sauti. Ya pili, anayetolewa atatajwa pamoja na sababu, isipokuwa tapeli ambaye anatolewa kwanza na sababu inafuata. Ya tatu, grupu likifungwa, saa ya kufungua inatajwa palepale. Ya nne, anayelalamikia kutolewa analeta lalamiko lake kwenye kikao kijacho, na uamuzi wa kikao unaandikwa kwenye muhtasari.

Katika mfano wetu, yule mwanachama aliyeuliza kuhusu magunia alikwenda kwenye kikao cha mwezi wa saba akiwa na risiti zake tatu mkononi. Mweka hazina alifungua daftari, akasoma hesabu mbele ya watu, na fedha za magunia zilikuwepo, zimeandikwa. Ingemchukua dakika tano kuyasema hayo kwenye grupu wiki mbili kabla, kama grupu lingekuwa wazi.